Mtangazaji anaongea sana? Jinsi ya kupima, na kwa nini asilimia moja haitoshi

Chini ya karibu kila video ya mahojiano kuna mtu aliyeandika, "Mwache mgeni aongee!" Baadhi ya watengenezaji wa vipindi wameichukua lawama hiyo wakaigeuza kanuni: mtangazaji asizidi asilimia fulani ya mazungumzo, la sivyo watazamaji wataondoka. Asilimia yenyewe hutajwa tofauti kulingana na anayeitaja, na ni nadra kusikia ilipimwaje. Kwa kuwa siku hizi nakala za maandishi za mazungumzo zinapatikana kwa urahisi, mtu yeyote mwenye chaneli anaweza kuhesabu mwenyewe. Kuhesabu si kazi kubwa. Kazi ni kujua ulichokihesabu, na kujua kama kina uhusiano wowote na watu kuondoka.

Kwanza tuelewane kuhusu maneno mawili. Mgawanyo wa muda wa kuzungumza ni sehemu ya mazungumzo aliyoichukua kila msemaji. Kubaki kwa watazamaji ni sehemu ya waliofungua video ambao bado wanaitazama kwenye sekunde fulani. Ukiingia YouTube Studio utaiona kama mstari unaoanzia juu upande wa kushoto na kushuka kuelekea kulia. Mstari huo unaweza hata kuvuka asilimia 100 mahali ambapo watu wamerudi nyuma kusikiliza tena, kwa sababu kinachohesabiwa ni mara ambazo kipande kimetazamwa.

Sasa tutengeneze mahojiano ya mfano ya dakika 30, yaani sekunde 1,800, tuyafuate hadi mwisho. Nakala yake ina alama za muda na majina ya wasemaji, kwa namna hii:

```
00:01:35.000 --> 00:01:41.000
<v Mtangazaji>Uliamua lini kuacha kazi?

00:01:41.400 --> 00:02:58.000
<v Mgeni>Sikuamua siku moja...
```

Toa muda wa kuanza kwenye muda wa kumaliza, jumlisha kwa kila jina, umemaliza. Tuseme tumepata sekunde 486 za mtangazaji na 1,170 za mgeni. Sekunde 144 zilizobaki ni muziki, ukimya na vicheko. Je, mtangazaji ameongea asilimia ngapi? Ukigawanya kwa urefu wa video nzima, ni asilimia 27. Ukigawanya kwa muda wa maongezi peke yake, yaani sekunde 1,656, ni asilimia 29. Na ukifanya kama wengi wanavyofanya, yaani kuhesabu maneno kwa kuwa ni rahisi zaidi, unapata kitu kingine kabisa. Mtangazaji wetu anaongea haraka, maneno 150 kwa dakika, hivyo ametoa maneno 1,215. Mgeni ni mtu mtulivu anayepumua kati ya sentensi, maneno 105 kwa dakika, jumla takriban 2,050. Kwa maneno, mtangazaji amechukua asilimia 37.

Mahojiano ni yaleyale, watu ni walewale, na majibu ni 27, 29 na 37. Anayekuambia "asizidi 30" bila kusema amegawanya nini kwa nini hajakuambia kitu. Kwa suala la watazamaji kubaki mimi huchagua sekunde, na hugawanya kwa urefu wa video nzima, kwa sababu grafu ya kubaki nayo imejengwa juu ya muda. Maneno yana matumizi yake mengine, lakini hayalingani na grafu hiyo.

Kabla ya kuziamini hizo sekunde kuna mitego, na mmoja huwanasa wengi. Manukuu yanayotengenezwa na mashine huonyeshwa kwa mtindo wa kusogea: mstari mpya unapoingia, wa zamani unabaki juu yake kwa muda. Ukipakua faili la aina hiyo, sentensi moja inaweza kuonekana mara mbili, na muda wa kipande kimoja ukaingia ndani ya muda wa kingine. Ukijumlisha bila kusafisha, unahesabu mara mbili. Dalili yake ni rahisi kuiona: jumla ya muda wa vipande vyote inazidi urefu wa video. Mazungumzo ya dakika 30 hayawezi kuwa na dakika 50 za maongezi, hata kama wote wawili ni wabishi.

Mtego wa pili ni majina. Manukuu ya mashine mara nyingi hayasemi nani anaongea, kwa hiyo inabidi programu nyingine itenganishe sauti. Programu hizo hazijui mtangazaji ni nani. Zinaandika tu msemaji wa kwanza na wa pili, na huweza kuchanganya hasa sauti zinapofanana au watu wanapoongea kwa pamoja. Kosa baya zaidi ni majina kubadilishana katikati ya faili, maana asilimia inayotoka inaweza kuonekana ya kawaida kabisa. Fungua video mahali kama 10 hivi palipotawanyika, usikilize sekunde chache, ulinganishe na jina lililoandikwa. Pia tazama nani anauliza. Ukiona "mgeni" amemaliza robo saa akiuliza maswali tu, majina yamegeuka.

La tatu linahusu vile viitikio vya mtangazaji: "ehe", "naam", "mmh", "enhee". Anayenukuu kwa usafi huviondoa, na mashine mara nyingi huvimeza ndani ya maneno ya mgeni. Kwa sekunde ni vidogo mno visibadilishe asilimia. Lakini kwa masikio ya mtazamaji vinaweza kuwa ndivyo vinavyomchosha, hasa vikiingia kila baada ya maneno matatu. Huyo anayeandika "mwache mgeni aongee" huenda analalamikia jambo ambalo nakala yako imekwisha kulifuta. Ndiyo maana kuna mtangazaji mwenye asilimia 15 anayelaumiwa kwa kukatiza, na mwenye asilimia 40 ambaye hakuna anayemlalamikia.

Tukishapata sekunde safi, ndipo makosa makubwa yanapoanza. Mtu anachukua video zake zote, anaandika kando ya kila moja asilimia ya mtangazaji na wastani wa asilimia iliyotazamwa, kisha anatafuta kama vinakwenda pamoja. Vitakwenda pamoja, kwa namna moja au nyingine. Tatizo ni urefu wa video.

Chukua mahojiano mawili yenye mtindo mmoja: mtangazaji hutumia dakika mbili kukaribisha na kuaga, na katikati huchukua asilimia 15 ya muda. Kwenye video ya dakika 10 ataongea dakika 3.2, yaani asilimia 32. Kwenye ya dakika 50 ataongea dakika 9.2, yaani asilimia 18. Hajabadilisha tabia hata kidogo, ni video tu iliyorefuka. Sasa tuseme watazamaji wa ile fupi wanakaa dakika 5 kwa wastani, ambayo ni asilimia 50, na wa ile ndefu wanakaa dakika 14, ambayo ni asilimia 28. Ukiangalia asilimia, unahitimisha kwamba mtangazaji akiongea zaidi watu wanabaki zaidi. Ukiangalia dakika, unahitimisha kinyume chake. Hitimisho zote mbili zimetoka kwenye takwimu zilezile, na zote mbili hazina maana, kwa kuwa kilichopimwa ni urefu. Video zinazolinganishwa sharti ziwe na urefu unaokaribiana, vinginevyo ni bora kutolinganisha.

Kuna na lile la nani anamsababishia nani. Mgeni anayejibu "ndiyo" na "hapana" humlazimisha mtangazaji kujaza nafasi. Asilimia ya mtangazaji inapanda, watu wanaondoka, na grafu inamnyooshea kidole mtangazaji, wakati aliyewachosha ni mgeni. Katika hali hiyo maneno mengi ya mtangazaji ni dalili tu.

Kwa hiyo njia yenye manufaa ni kuiacha asilimia ya video nzima na kuingia ndani ya video moja, ukiilaza nakala juu ya grafu: dakika hii nani alikuwa anaongea, na wangapi waliondoka. Turudi kwenye mahojiano yetu ya dakika 30 tuone hizo sekunde 486 za mtangazaji zilikaa wapi. Utangulizi sekunde 95. Hadithi yake mwenyewe kwenye dakika ya 9, sekunde 70. Tangazo la mdhamini kwenye dakika ya 14, sekunde 40. Swali refu lenye maswali matatu ndani yake kwenye dakika ya 20, sekunde 110. Kuaga, sekunde 45. Zinabaki sekunde 126, ambazo ni maswali mafupi 21 ya wastani wa sekunde 6 kila moja.

Simama hapo kidogo. Maswali ya kawaida, yale tunayoyafikiria tunaposikia "mtangazaji", ni robo tu ya muda wake. Robo tatu ni mambo mengine yanayobeba jina lake kwenye nakala. Ukiyajumlisha yote kuwa namba moja, unachanganya tangazo la biashara na udadisi wa kihabari.

Upande wa watazamaji, tuseme walianza 1,000. Utangulizi ulipokwisha walikuwa 640. Wakati wa hadithi walishuka kutoka 455 hadi 446. Kwenye tangazo mstari ulitumbukia kutoka 390 hadi 330, kisha ukapanda tena hadi 375. Kwenye swali refu walitoka 320 hadi 296. Kuaga kulipoanza walikuwa 250, na video ilipofika mwisho walikuwa 130.

Jumla, wameondoka watu 870. Kati yao 528 waliondoka mtangazaji akiwa anaongea: 360 kwenye utangulizi, 120 kwenye kuaga, 24 kwenye swali refu, 15 kwenye tangazo na 9 kwenye hadithi. Hiyo ni asilimia 61 ya walioondoka, ndani ya asilimia 27 ya muda. Mtu akikuletea hesabu hiyo kwenye kikao, mtangazaji atakosa la kujitetea.

Sasa toa utangulizi na kuaga. Dakika ya kwanza ya video yoyote hupoteza watu wengi kwa sababu wengine wamebofya kwa bahati mbaya, wengine walitarajia kitu kingine, na wengine wanaonja tu waone. Kuaga nako ni kama ukumbi baada ya mwenye hafla kusema asante: watu wananyanyuka kwa sababu wamepata walichokuja kukichukua. Nafasi hizo mbili, ambazo ndizo zenye hasara kubwa kuliko zote, kwa kawaida hushikwa na mtangazaji. Ukiziondoa, zinabaki sekunde 1,660, na watu wanashuka kutoka 640 hadi 250, yaani hasara ya 390. Humo ndani vipande vitatu virefu vya mtangazaji vina sekunde 220, asilimia 13 ya muda, na vimepoteza watu 48, asilimia 12 ya hasara. Kwa maneno mengine, watu waliondoka wakati wa vipande vyake kwa kasi ileile waliyoondoka nayo wakati mwingine. Lawama yote imeyeyuka, na hatukugusa namba hata moja. Tumebadilisha tu mahali pa kuanzia kuhesabu.

Hii haina maana kwamba utangulizi wa sekunde 95 ni mzuri. Maana yake ni kwamba video moja haiwezi kukuambia kama ni mbaya. Huwezi kujua wangapi wangeondoka kama mgeni angeanza yeye kuongea.

Na hata wastani huo wa katikati umeficha kitu. Ili kukiona, hesabu walioondoka kama sehemu ya waliokuwepo pale walipoanza kuondoka. Hadithi ya dakika ya 9 ilipoteza 9 kati ya 455, asilimia 2. Swali refu lilipoteza 24 kati ya 320, asilimia 7.5. Kisha uliza: kwenye mahojiano yako mengine ya urefu huu, dakika hizo hupoteza kiasi gani? Tuseme kawaida yako kwenye dakika ya 9 ni asilimia 2 kwa muda kama huo, na kwenye dakika ya 20 ni asilimia 3. Basi hadithi haikumfukuza mtu, ingawa mtangazaji aliongea peke yake zaidi ya dakika nzima. Swali refu ndilo lililopoteza watu kama 14 zaidi ya kawaida. Msemaji ni mmoja, na vipande vyote viwili ni virefu. Tofauti utaipata kwa kusoma nakala, haimo kwenye asilimia: hadithi ilikuwa na jambo la kufuatilia, swali lilikuwa likizunguka huku mgeni akisubiri.

Lile tumbukio la kwenye tangazo ni la aina tofauti. Mstari ulishuka ukapanda tena. Watu wakiondoka hawarudi, kwa hiyo mstari unaopanda tena unaonyesha kwamba wengi waliruka mbele. Waliikwepa sehemu ile, hawakuikimbia video. Mtengenezaji wa kipindi anaweza kuikubali hasara hiyo au la, lakini asiiweke kapu moja na swali refu. Video yenye sura zilizowekewa alama hukufanyia vituko vya aina hii mara nyingi zaidi: mstari unapanda ghafla pale sura inapoanza kwa sababu watu wamebofya hapo moja kwa moja, na aliyeanza kuongea kwenye sekunde hiyo anapewa sifa isiyo yake. Kwa kawaida huwa ni mtangazaji, kwa kuwa sura mpya huanza na swali.

Vipi yale maswali mafupi 21? Hapo grafu haikusaidii, na wengi hawajui sababu. Takwimu za kubaki ambazo YouTube hutoa kwa njia ya programu, kupitia YouTube Analytics API, zina pointi 100 kwa kila video, iwe fupi au ndefu. Kwa video ya dakika 30, pointi moja ni sekunde 18. Swali la sekunde 6 linajaza theluthi ya pointi, na theluthi mbili zilizobaki ni za mgeni. Kwa video ya saa nzima, pointi moja ni sekunde 36. Kwa hiyo anayedai kwamba swali fulani fupi ndilo lililowafukuza watu anasoma kitu ambacho kipimo hakina uwezo wa kukionyesha. Zaidi ya hayo, mtu hachoki na kuondoka katika sekunde ileile. Anavumilia kidogo, anaangalia muda uliobaki, ndipo anatoka, na wakati huo huenda mgeni ameshaanza kujibu. Mimi huangalia vipande vya mtu mmoja vyenye angalau dakika nzima, na huongeza pointi moja baada ya kipande kuisha.

Anayetaka kweli kujua kama utangulizi wake mrefu unamgharimu, njia ipo, nayo inataka subira. Kwa kila mahojiano yajayo yenye urefu unaokaribiana, rusha sarafu: ikiangukia upande mmoja, acha utangulizi kama ulivyozoea, ikiangukia upande wa pili, ukate ubaki sekunde 15. Usichague mwenyewe, kwa sababu bila kujua utawapa wageni mashuhuri ule unaouamini. Halafu usilinganishe waliobaki pale utangulizi unapoisha, maana sekunde ya 15 na sekunde ya 95 si mahali pamoja. Linganisha waliobaki kwenye dakika ya 3 kwa zote. Hapo ndipo utaona kama waliokaa kwa sababu ya utangulizi mfupi wamekaa kweli, au wameondoka dakika moja baadaye.

Na angalia ukubwa wa hadhira kabla ya kufurahi au kuhuzunika. Tulianza na watu 1,000, na kwenye swali refu ziada ya hasara ilikuwa watu 14. Kama video ingekuwa imefunguliwa mara 100 tu, wangekuwa wamebaki 32 kwenye dakika ya 20, na tofauti kati ya asilimia 3 na 7.5 ingekuwa mtu mmoja, ambaye huenda simu yake ililia.